Alama 12.84 kati ya 20: nilivyoieleza shahada ya Algeria kwa mwajiri wa Dodoma

Hapa Dodoma ukimwambia mtu umesoma UDOM au St. John's, mazungumzo yanaendelea. Hakuna anayekuuliza chuo hicho kiko wapi, kinafundisha nini, wala kama wanafunzi wake huwa wanasoma kweli. Ukisema umesoma Algeria, mazungumzo yanasimama. Wengi wanajua timu yao ya taifa ya mpira, wachache wanajua ni nchi ya Waarabu wanaozungumza pia Kifaransa, na ukifika kwenye chuo chenyewe huna wa kukuunga mkono. Mwajiri hakukatai. Anakutazama tu kama mtu anayepewa noti ya nchi nyingine na kuambiwa ina thamani.

Kila mwaka Wizara ya Elimu inatangaza nafasi za ufadhili wa masomo Algeria, na vijana wa Kitanzania wanakwenda. Wanaporudi wanakuta tatizo hili hili. Mimi nilisoma sayansi ya chakula katika chuo cha Mentouri, mjini Constantine, mashariki mwa nchi. Nitaeleza jinsi nilivyokieleza cheti changu katika kiwanda cha kukamua alizeti pale Kizota, kwa sababu naona wenzangu wengi wanakazania kusifia chuo, wakati mwajiri anataka kitu kingine kabisa.

Nianze na barua ya TCU, maana bila hiyo mengine hayana pa kusimama. Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo yenye mamlaka ya kusema kama shahada ya nje inatambulika nchini na inalingana na ngazi gani ya hapa. Matangazo ya kazi za serikali yanasema wazi kwamba aliyesoma nje ahakikishe vyeti vyake vimehakikiwa na TCU, na wa kidato cha nne na sita nje aende Baraza la Mitihani. Kampuni binafsi si zote zinazodai barua hiyo, lakini mimi nilikwenda nayo bila kuulizwa. Katika mfumo wetu wa tuzo za vyuo vikuu, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili ni ya 9 na uzamivu ni ya 10. Hilo lina uzito kwa shahada ya Algeria, kwa sababu tangu mwaka 2004 wao wanafuata mfumo uitwao LMD: shahada ya kwanza miaka mitatu, uzamili miaka miwili, kisha udaktari. Mtu wa ofisini hapa akiona miaka mitatu anaweza kudhani ni stashahada iliyopambwa jina. Barua ya TCU inamaliza ubishi huo kwa sentensi moja, na haitoki mdomoni mwangu.

Ila barua hiyo ina mpaka wake. Inasema shahada ni shahada. Haisemi kama mwenye nayo alisoma vizuri au alipita kwa kuponea chupuchupu, wala haisemi anaweza kufanya nini siku ya Jumatatu akivaa koti jeupe. Hayo mawili unabaki kuyaeleza mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipo.

Afisa utumishi wa kile kiwanda alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye macho ya kukagua. Alinipokea vizuri, "Karibu mwanangu, keti," kisha akaanza kupanga karatasi zangu mezani moja moja. Shahada yenyewe iko kwa Kiarabu. Karatasi za alama za kila muhula ziko kwa Kifaransa. Pembeni yake tafsiri za Kiingereza zenye mhuri. Nilikuwa nimemwomba mtafsiri mambo mawili. La kwanza, jedwali la tafsiri lifuate mistari ile ile ya jedwali la asili, somo la tano libaki la tano, ili mtu asiyejua Kifaransa aweze kuweka kidole kwenye tarakimu huku na kule akaona zinafanana. La pili, jina langu liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Hili la jina si dogo. Jina la Kiswahili likishaandikwa kwa herufi za Kiarabu, mtafsiri akilirudisha kwa kusikia tu linatoka lingine: e inakuwa i, o inakuwa u, na mwenye vyeti vya kidato cha nne anaonekana si yule mwenye shahada. Mama yule alianza na jina. Aliweka pasipoti, cheti cha sekondari, barua ya TCU na tafsiri sambamba, akasoma herufi kwa herufi kwa kalamu, akageuza ukurasa.

Swali lake la kwanza lilikuwa la miaka. "Shahada ya miaka mitatu, wewe umekaa minne. Ulirudia mwaka?" Ni swali la haki. Wanaokwenda Algeria kutoka nchi zisizozungumza Kifaransa hutumia mwaka wa kwanza kujifunza lugha kabla ya kuingia darasani. Nilikuwa na cheti cha ule mwaka wa lugha, nikakitoa. Nakwambia, kile kicheti ambacho wenzangu wengi hukiacha chini ya godoro ndicho kilichofunga pengo la mwaka mzima kwenye wasifu wangu.

Kisha akafika kwenye alama. Wastani wangu wa miaka mitatu ni 12.84 kati ya 20. Akavuta kikokotoo. Hapa nataka nieleze polepole, maana ndicho kiini cha jambo.

Alipogawanya 12.84 kwa 20 akapata asilimia 64.2. Katika vyuo vyetu vingi, alama kati ya 60 na 69 ni B+, na mwenye B+ mfululizo anamaliza na daraja la pili la juu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, kwa kuwa fomu yao ilitaka GPA, akaigeuza 12.84 iwe kati ya 5 badala ya 20, akapata 3.21. Hiyo hapa kwetu ni daraja la pili la chini, kwa sababu la juu linaanzia 3.5. Akanitazama. Karatasi ile ile, mtu yule yule, na kikokotoo kile kile, lakini madaraja mawili tofauti.

Nikamwambia, "Mama, hesabu zote mbili ziko sawa kama hesabu, lakini hakuna hata moja inayonieleza." Nikampa sababu. Hapa kwetu somo la shahada ya kwanza kwa kawaida unafaulu kwa 40. Kule unafaulu kwa 10 kati ya 20, yaani nusu kamili. Kwa hiyo mwanzo wa ngazi haulingani. Na mwisho wake haulingani vilevile: kwetu ukipata 70 umeshafika A, lakini kule 14 kati ya 20, ambayo ni hiyo hiyo asilimia 70, ndiyo kwanza inaanza kuitwa "vizuri", na 16 kwenda juu ndiyo "vizuri sana", na wanaoifikisha ni wachache mno. Kuanzia 12 mpaka 14 wanaita "vizuri kiasi", na mimi nimo humo. Ukigeuza kwa kugawanya na kuzidisha tu, unachukulia kwamba walimu wa nchi mbili wanatoa alama kwa mkono mmoja. Hawatoi.

Ndiyo maana kwenye wasifu wangu sikuandika GPA yoyote ya Kitanzania. Niliandika 12.84/20 kama ilivyo kwenye karatasi ya chuo, na mstari mmoja chini yake ukieleza kwamba kiwango cha kufaulu ni 10. Namjua kijana aliyerudi kutoka India na wastani wa 8.1 kati ya 10, akaugawa kwa mbili, akaandika GPA 4.05 kwenye wasifu kana kwamba chuo ndicho kilichoandika. Kwenye usaili walipolinganisha na cheti hawakuiona 4.05 popote. Hakuwa amedanganya, lakini jopo lilianza kutafuta kingine alichokigeuza, na usaili ukaishia hapo. Tarakimu ambayo haiko kwenye karatasi ya chuo isiwepo kwenye wasifu. Fomu ikikulazimisha kujaza GPA, andika alama ya asili na kipimo chake.

Sasa mama yule angenipimaje? Nilikuwa nimebeba karatasi moja kutoka idarani ambayo kwangu ina thamani kuliko zote baada ya shahada yenyewe: uthibitisho wa nafasi darasani. Vyuo vya Algeria huutoa ukiuomba. Wangu unasema nilikuwa wa 9 kati ya wahitimu 71 wa fani yetu mwaka ule. Nafasi haihitaji kikokotoo. Mtu wa Kizota, wa Kongwa au wa Constantine, wote wanaelewa maana ya kuwa wa tisa kati ya sabini na moja. Mama akaisoma, akaisoma tena kwenye tafsiri, akaandika "9/71" kwa wino mwekundu pembeni ya fomu yake, kile kisanduku cha GPA akakiacha wazi.

Nikadhani tumemaliza na alama, lakini sikutaka aondoke kabla sijamwonyesha jambo moja mwenyewe. Katika muhula wa nne nina 8.50 kwenye takwimu. Mtu anayejua kwamba kule unafaulu kwa 10, na nilikuwa nimemfundisha hivyo dakika chache tu zilizopita, akikutana na 8.50 peke yake atasema huyu alifeli na bado kapewa shahada, basi chuo hiki ni cha kununua vyeti. Nikaweka kidole pale.

Utaratibu wao ni wa kufidiana. Masomo yanapangwa katika makundi: kuna kundi la masomo ya msingi ya fani, kundi la mbinu, na mengine ya kupanua upeo. Kila somo lina uzito wake. Kundi likipata wastani wa 10 au zaidi, kundi zima limefaulu na krediti zake zote zinahesabiwa, hata kama ndani yake kuna somo lililoanguka chini. Takwimu ilikuwa kundi moja na mbinu za maabara, kila moja ina uzito wa 2. Nilipata 8.50 na 14.00. Zidisha kila moja kwa 2, jumlisha, unapata 45, gawa kwa 4, unapata 11.25. Kundi limefaulu. Muhula mmoja una krediti 30, miaka mitatu ni 180, na kwenye karatasi zangu krediti 180 zote zimo. Nikamwonyesha safu ya krediti, mstari kwa mstari, akazijumlisha mwenyewe.

"Kwa hiyo takwimu hujui?" akauliza.

"Takwimu ni dhaifu kuliko maabara, mama. Lakini si kwamba nilifeli wakanipa."

Akatikisa kichwa, safari hii taratibu. Naamini kabisa kwamba angekutana na ile 8.50 jioni akiwa peke yake na faili langu, nisingeitwa tena.

Jambo jingine lilikuwa chuo chenyewe kuonekana kwamba kipo. Siku hizi mwajiri anafungua simu na kutafuta jina. Akitafuta Constantine atakutana na vyuo zaidi ya kimoja, kwa sababu kile chuo kikubwa cha zamani, kilichoanzishwa mwaka 1969, kiligawanywa mwaka 2011 kikawa vitatu, vyenye namba 1, 2 na 3. Changu ndicho cha 1, kinaitwa Frères Mentouri. Nikaandika jina kamili na namba yake kama lilivyo kwenye mhuri, na anwani ya tovuti yao, `umc.edu.dz`, ili asipotee. Kampasi yake kuu ilichorwa na msanifu mashuhuri wa Brazili, Oscar Niemeyer, na ni nzuri kwelikweli, lakini hilo sikulitaja. Mwenye kiwanda cha alizeti hapati faida yoyote kwa uzuri wa majengo. Nilichomwambia ni kwamba ni chuo cha serikali, kiko chini ya wizara yao ya elimu ya juu, na kwamba shahada yangu ina mihuri ya wizara hiyo na ya mambo ya nje.

Akasema angependa kuwaandikia mwenyewe. Nikamwambia vizuri sana, tena nikampa ridhaa yangu kwa maandishi ili chuo kisikatae kutoa habari zangu. Sikumpa namba ya mwalimu niliyemzoea wala ya rafiki aliyebaki kule, maana uthibitisho unaopitia kwa rafiki yako si uthibitisho. Anwani aichukue kwenye tovuti ya chuo. Nilimtahadharisha tu kwamba wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo barua pepe ya Alhamisi jioni isitarajiwe kujibiwa kabla ya Jumapili, na kwamba mwezi Agosti ofisi za vyuo huwa zimefungwa. Mwajiri asiyejua hayo anahesabu kimya cha kawaida kama dalili ya chuo hewa. Hata hivyo jibu lilichelewa, na kama nisingekuwa na barua ya TCU ya kumtuliza wakati akisubiri, sijui ingekuwaje.

Hayo yote yalikuwa ya kumridhisha mama wa utumishi. Mwenye kiwanda alikuwa mtu mwingine. Mzee wa Kigogo, aliyeanza kwa kukamua kwa mashine moja ndogo, sasa ana mtambo wa kusafisha mafuta. Alinisalimu "Mbukwenyi", akayasogeza makaratasi pembeni bila kuyasoma, akasema, "Binti, mimi hayo ya Uarabuni siyajui. Nieleze utanifanyia nini."

Kwa ajili yake nilikuwa na ukurasa mmoja. Upande wa kushoto niliandika masomo sita tu kati ya yote niliyosoma, saa za maabara pembeni yake. Upande wa kulia, kazi gani ya kiwanda cha mafuta inafanywa kwa somo hilo. Sikuandika "kemia ya chakula" nikaishia hapo. Niliandika kwamba katika somo hilo tulipima asidi huru na peroksaidi kwenye mafuta ya kula, kwa mikono yetu, kwa vipimo vile vile ambavyo kiwanda kinapaswa kufanya kwa kila tangi.

Akaniuliza kuhusu peroksaidi. Alikuwa na malalamiko ya wateja: mafuta yanatoka kiwandani safi, yakikaa dukani yanaanza kunuka. Nikamweleza kwamba mafuta yanapokutana na hewa, mwanga na joto yanaanza kuharibika kimyakimya kabla pua haijajua, na peroksaidi ndiyo dalili ya hatua hiyo ya mwanzo. Unapima sampuli kwa kuichanganya na kemikali inayotoa ayodini, kisha unaangusha sodiamu thayosalfeti tone kwa tone kutoka kwenye byureti mpaka ile rangi ya bluu ya wanga ipotee, na kiasi ulichotumia ndicho kinachokupa jibu. Kwa mafuta yaliyosafishwa, kiwango cha kimataifa cha Kodeksi hakizidi 10. Nikamwambia kwamba yakitoka kwenye tangi na 2 na yakafika dukani na 12, kosa haliko kwenye mtambo, liko njiani au kwenye vyombo. Nikamuuliza madumu yake yana rangi gani, na yanakaa wapi yakisubiri gari.

Akanyamaza kidogo. Madumu ni ya plastiki inayopitisha mwanga, na yanapangwa uani, juani. Kwa jua la Dodoma hilo.

"Na huko ulikosoma ndiko walikokufundisha hivi?"

Nikamwonyesha mstari kwenye ukurasa wangu, kisha mstari huo huo kwenye karatasi ya alama, muhula wa tano, 15.25. Ndipo kwa mara ya kwanza akaivuta ile karatasi ya Kifaransa karibu na kuisoma.

Walinipa mkataba wa majaribio wa miezi mitatu kwanza, huku wakisubiri jibu la chuo. Niliona ni haki. Barua ya chuo ilipofika, mama wa utumishi aliitoboa na kuiweka kwenye faili nyuma ya ile ya TCU, na jina langu likaingia kwenye orodha ya watumishi wa kudumu.

Walioko Algeria sasa hivi wananiandikia kuniuliza waje na nini. Nawaambia waombe uthibitisho wa nafasi darasani, muhtasari wa masomo wenye saa za maabara na cheti cha mwaka wa lugha wakiwa bado kule, na wapitishe shahada kwenye wizara zote mbili kabla ya kukata tiketi. Wasirudi na hati ya muda ya kufaulu wakitegemea shahada yenyewe itawafuata, kwa sababu ajira za serikali hapa hazipokei matokeo ya muda. Ukishafika Dodoma, kila karatasi uliyoiacha inamhitaji mtu wa kuifuata dirishani kwa niaba yako, na yeye atadaiwa barua ya uwakilishi iliyosainiwa na wewe kabla hajapewa chochote.